Karibuni kwenye Utangulizi wa Uhasibu

Tutaanza na kanuni ambayo Luca Pacioli aliieleza katika kitabu kilichochapwa Venisi mwaka 1494: kila muamala huandikwa mara mbili, kushoto na kulia, kwa kiasi kilekile. Mama mwenye duka akinunua sukari ya kuuza ya shilingi 60,000 kwa fedha taslimu, akaunti ya manunuzi huandikwa 60,000 kushoto, na ya fedha taslimu 60,000 kulia.

Kisha tutajumlisha pande zote kwenye urari, tuandae hesabu ya faida na hasara, halafu mizania.

Muda mwingi, hata hivyo, nitautumia kwenye makosa, maana hapo ndipo wengi hukwama. Urari usipolingana, kosa limejitangaza. Kazi ipo unapolingana. Kodi ya pango ikiingizwa kwenye manunuzi, jumla zitakaa sawa kabisa, ilhali hesabu ni potofu. Muamala uliosahaulika nao hauonekani. Hapo hakuna njia ya mkato: mtarudi kwenye risiti, moja baada ya nyingine, mkizilinganisha na daftari. Kipindi kijacho kila mmoja aje na penseli na rula.