KARATASI YA TAARIFA ZA NYUMBA ZA KUPANGISHA: MAELEZO KWA WAMILIKI NA WASIMAMIZI WA KYELA NA UFUKO WA KASKAZINI WA ZIWA NYASA

Wamiliki wa nyumba za kupangisha, wasimamizi wa mirathi na makatibu wa taasisi zenye nyumba katika mji wa Kyela, Ipinda, Kasumulu, Matema na vijiji vya ufukoni wanaelezwa hapa namna ya kuandaa karatasi moja ya taarifa kwa kila nyumba, ambamo kila sehemu inayopangishwa itaonyeshwa ukubwa wake, namba za mita zake, tarehe za mkataba, anwani za wahusika na hali yake. Maelezo haya yanahusu nyumba ya kawaida yenye sehemu chache na wapangaji mbalimbali chini ya paa moja, kwa kuwa ndiyo inayozua ubishi mara nyingi zaidi.

Tuchukue nyumba ya mfano iliyopo mjini Kyela. Ina sehemu tano: fremu moja ya duka mbele, na sehemu nne za makazi nyuma yake. Ina mita tatu za umeme na mita moja ya maji. Mwenye nyumba anaishi mbali na taarifa zote zimo kichwani mwa ndugu yake anayekusanya kodi. Siku ndugu huyo akihama au akifariki, hakuna atakayeweza kueleza mita ipi ni ya nani, wala mkataba upi unakwisha lini.

Jambo la kwanza ni kuipa kila sehemu alama isiyobadilika. Sehemu za nyumba yetu zitaitwa A, B, C, D na E, na alama hiyo ipakwe rangi juu ya mlango. Haifai kuiita sehemu kwa jina la mpangaji, kwani mpangaji atakapoondoka karatasi yote itakuwa imepoteza maana. Baada ya hapo taarifa zigawanywe katika mafungu matatu: yale yasiyobadilika, yaani ukubwa na mita; yale yanayobadilika kila anapoingia mpangaji, yaani mkataba na anwani; na yale yanayoongezwa bila kufutwa, yaani hali ya sehemu. Mafungu haya yakichanganywa katika safu moja, mwandishi hulazimika kufuta ya zamani ili aandike mapya, na ushahidi hupotea.

Kuhusu ukubwa, vipimo vichukuliwe ndani, kutoka ukuta hadi ukuta, na iandikwe wazi kuwa ni vya ndani. Sehemu B ina sebule ya mita 3.2 kwa 3.6, ambayo ni mita za mraba 11.52, na chumba cha mita 3.0 kwa 3.2, ambacho ni mita za mraba 9.60. Jumla ni mita za mraba 21.12. Kama sebule hiyo ingepimwa kwa nje, na kuta zikawa na unene wa sentimita 15 kila upande, ingehesabiwa kuwa mita za mraba 13.65, yaani zaidi ya mita mbili za mraba ambazo mpangaji hawezi kuweka hata kiti. Ukumbi, choo na ua vinavyotumiwa na wote visiongezwe katika ukubwa wa sehemu yoyote, bali viandikwe peke yake kuwa ni vya pamoja.

Kuhusu mita za umeme, namba ya mita ya LUKU inakiliwe kutoka kwenye mita yenyewe, wala si kutoka kwenye stakabadhi ya zamani au kumbukumbu ya simu. Mtu mmoja aisome kwa sauti, tarakimu moja moja, na mwingine aandike, kisha wabadilishane. Hata hivyo, namba sahihi peke yake haitoshi, kwa sababu haisemi mita hiyo inalisha wapi. Ili kulijua hilo, swichi kuu ya mita moja izimwe huku taa za sehemu zote zikiwa zimewashwa, na mtu apite kila chumba kuona kilichozimika. Pasipo na taa, ajaribu soketi kwa chaja ya simu. Kazi hiyo irudiwe kwa kila mita.

Katika nyumba yetu ya mfano, jaribio hilo lilionyesha kuwa mita ya pili, iliyodhaniwa kuwa ya sehemu B pekee, inalisha pia taa ya ukumbi na soketi moja ya sehemu D, ambako kuna jokofu. Hivyo mpangaji wa B amekuwa akinunua umeme wa jirani yake bila kujua. Karatasi iandike hivyo hivyo ilivyo: "Mita ya 2: B yote, taa ya ukumbi, soketi ya sebule ya D". Fundi mwenye leseni atakapotenganisha nyaya, maandishi mapya yaongezwe chini pamoja na tarehe.

Ifahamike pia kuwa tangu Agosti 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Kodi hiyo ni wajibu wa mwenye nyumba, lakini fedha hutoka mfukoni mwa yule anayenunua umeme. Kwa sababu hiyo karatasi iwe na safu inayoonyesha kama mita inakatwa kodi ya jengo, na namna mpangaji anavyorudishiwa. Nyumba moja yenye mita zaidi ya moja inaweza kukatwa mara mbili kwa jengo lile lile, na mwenye nyumba hawezi kuomba marekebisho ikiwa hana orodha ya mita zake zote. Aidha, sehemu iliyokaa wazi miezi kadhaa bila kununuliwa umeme hujilimbikizia deni, na mpangaji mpya ndiye hulikuta. Msimamizi anunue umeme kidogo kabla ya kukabidhi ufunguo, aangalie makato, na aandike tarehe.

Mita ya maji huandikwa namba yake na usomaji wake siku ya kukabidhiana. Mita inapobadilishwa, usomaji wa mwisho wa mita ya zamani na wa kwanza wa mita mpya vyote viandikwe. Pasipofanyika hivyo, ankara ya mwezi huo haiwezi kuhakikiwa na mtu yeyote.

Kuhusu mkataba, hapana budi ziwepo tarehe tatu na si moja: tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, na tarehe ambayo kodi imelipwa mpaka hapo. Wengi huchanganya mbili za mwisho. Mpangaji wa sehemu B ana mkataba wa miezi 12 ulioanza tarehe 1 Oktoba 2024, na alilipa miezi sita. Kodi yake imelipwa hadi tarehe 31 Machi 2025, lakini mkataba unaendelea hadi tarehe 30 Septemba 2025. Msimamizi asiyetofautisha mambo hayo anaweza kumtaka ahame mwezi Aprili, na hapo yeye ndiye atakayekuwa amevunja mkataba. Mwezi uandikwe kwa jina, kwa kuwa 4/5 yaweza kusomwa kama Mei au Aprili. Iongezwe tarehe ya nne ya ukumbusho kulingana na muda wa taarifa uliokubaliwa. Ikiwa ni siku 60, ukumbusho wa sehemu B ni tarehe 1 Agosti 2025.

Kwa wanaotumia kompyuta, safu za namba za mita na za simu zipangwe kuwa maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea. Tarehe ya kwisha ya mkataba wa miezi 12, ikiwa ya kuanza imo katika D2, hupatikana hivi:

```
=EDATE(D2,12)-1
```

Kuhusu anwani, ziandikwe za mpangaji, za mtu wa pili anayeweza kumpata, za mwenye nyumba au msimamizi, na za mwenyekiti wa kitongoji. Karibu na mpaka wa Kasumulu wapo wafanyabiashara wenye laini mbili, moja ya Tanzania na nyingine ya Malawi, ambao wakiwa Karonga hupatikana kwa laini ya pili. Namba zote ziandikwe pamoja na msimbo wa nchi, yaani 255 au 265. Kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtu dhidi ya matumizi yasiyo halali ya taarifa zake, fungu hili lisibandikwe ukutani wala kupewa dalali. Nakala inayotolewa kwa fundi iwe na mafungu mawili mengine tu.

Fungu la hali ndilo linaloamua haki. Maneno kama "nzuri" au "mbovu" hayafai. Iandikwe mahali, kipimo na tarehe. Uwanda wa Kyela uko chini, mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka humo kuelekea ziwani, na mvua huwa kubwa mno Machi hadi Mei. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike mara mbili nje ya siku za kukabidhiana: mwezi Novemba kabla ya mvua, na mwezi Juni baada yake. Unyevu wa ukutani upimwe kwa sentimita kutoka sakafuni. Maji ya mafuriko huacha mstari ulionyooka kwa kimo kimoja kuzunguka kuta zote, ilhali unyevu unaopanda kutoka msingini huishia kwa mawimbi, huacha chumvi nyeupe, na hudumu hata kiangazi. Ule unaotoka kwenye bati lililotoboka huanzia juu. Mwenye kujua tofauti hizi hatamlaumu mtu kwa kosa la msingi.

Mpangaji wa sehemu B alipoondoka Septemba 2025, plasta ya chumba ilikuwa imebanduka hadi kimo cha sentimita 60, na kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika. Mwenye nyumba alitaka kuzuia amana yote. Karatasi ilifunguliwa. Ukaguzi wa kukabidhi wa tarehe 1 Oktoba 2024 ulisema: "Chumba, ukuta wa nyuma, unyevu sm 45, chumvi nyeupe, vioo vyote vizima." Wa Novemba ulisema sm 45, na wa Juni 2025 ulisema sm 60, plasta inapwaya. Ukuta ulikuwa mgonjwa kabla ya mpangaji kuingia, na saini yake pamoja na ya msimamizi zilikuwa chini ya kila ingizo. Alikatwa bei ya kioo, akarudishiwa amana iliyobaki, na fedha za mwenye nyumba zikaelekezwa kwenye msingi unaovuta maji.

Inasisitizwa kuwa karatasi isiyotiwa saini na pande zote mbili ni kumbukumbu ya upande mmoja tu, na kwamba haichukui nafasi ya mkataba wenyewe. Kosa likipatikana lipigwe mstari mmoja ili lisomeke, na sahihisho liandikwe pembeni pamoja na tarehe. Nakala mbili zitunzwe, moja kwa msimamizi na nyingine mahali pengine palipo juu na pakavu, kwani karatasi iliyowekwa sakafuni mjini Kyela haivuki mwezi Aprili.