Alama za Nusu Kipenyo katika Lenzi ya Hilali

Ukiishika miwani ya kusomea ya mzee yeyote wa Kayanga au wa Murongo na kuitazama kwa ubavuni, utaona kwamba uso wa kioo unaoelekea nje umebinuka, na ule unaoelekea jicho umebonyea kwa kadiri ndogo zaidi, hata kioo kizima kikapata sura ya hilali. Sura hiyo si pambo. Mwaka 1804 mtaalamu wa Kiingereza, William Hyde Wollaston, alishauri miwani ifanywe hivyo, kwa sababu jicho linapogeuka na kutazama kupitia ukingoni mwa kioo, hilali huiharibu taswira kidogo kuliko kioo kilichobinuka pande zote mbili. Na hilali hiyo hiyo, ambayo nyuso zake mbili hazina mpindo mmoja, ndiyo inayowatatiza wanafunzi wa fizikia, wa huku Karagwe na Kyerwa na wa ng'ambo ya Mto Kagera, wanapoambiwa watafute umbali wa fokasi yake kwa mlinganyo wa mtengeneza lenzi.

Mlinganyo wenyewe, kwa lenzi nyembamba iliyo hewani, aghalabu huandikwa hivi:

1/f = (n − 1)(1/R1 − 1/R2)

Humo f ni umbali wa fokasi, na n ni fahirisi ya kupinda kwa nuru ndani ya kioo, ambayo kwa kioo cha kawaida ni karibu 1.5; R1 ni nusu kipenyo cha uso unaokutana na nuru kwanza, na R2 ni cha uso wa pili. Kaida inayofuatana na mlinganyo huu ni kwamba nuru huchorwa ikitoka kushoto kwenda kulia, na nusu kipenyo huwa chanya iwapo kitovu cha tufe ambalo uso ule ni kipande chake kiko kulia kwa uso, na huwa hasi iwapo kitovu kiko kushoto. Tuchukue hilali ambayo uso wake wa mbele una nusu kipenyo cha sentimita 10 na wa nyuma sentimita 25. Vitovu vyote viwili viko kulia, kwa hiyo nusu vipenyo vyote viwili ni chanya. 1/10 kutoa 1/25 ni 0.06, na nusu yake ni 0.03, na kwa hiyo f ni sentimita 33.3. Hiyo ni lenzi ya kukusanya miale yenye nguvu ya dayopta 3, ya kumfaa mzee ambaye maandishi madogo yamekwisha kumshinda.

Sasa mwanafunzi akifungua kitabu cha Nelkon na Parker, ambacho kimewalea wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki, atakuta mlinganyo umeandikwa kwa alama ya kujumlisha, yaani 1/f = (n − 1)(1/r1 + 1/r2). Wala hapana kosa lililotendeka. Kitabu hicho kinafuata kaida nyingine, ambayo haiulizi kitovu kiko upande gani wa mwendo wa nuru, bali huuliza uso unaonekanaje kwa mtu aliye nje ya kioo: uliobinuka ni chanya, na uliobonyea ni hasi. Kwa hilali yetu uso wa mbele ni chanya 10, na wa nyuma, unaobonyea kwa yeyote anayeutazama kutoka nje, ni hasi 25. 1/10 kujumlisha hasi 1/25 ni 0.06 vilevile, na fokasi ni ile ile ya sentimita 33.3. Kaida mbili hizi zinalingana katika kila jambo, madhali kila mlinganyo umeachwa na alama zake.

Msiba huingia pale mlinganyo wa kaida moja unapotiwa alama za kaida nyingine. Mwanafunzi mmoja huchukua mlinganyo wa kutoa, kisha, kwa kuwa amekwisha sikia kwamba uso uliobonyea ni hasi, huandika hasi 25, na kutoa hasi kukawa kujumlisha. Mwenziwe huchukua mlinganyo wa kujumlisha, kisha, kwa kuwa ameona vitovu vyote viko kulia, huandika chanya mbili. Wote wawili hupata 0.14, wakaigawa nusu kuwa 0.07, na jibu lao ni sentimita 14.3. Jambo hili hulitia kosa lenyewe uzito wa kipekee, maana makosa mawili yaliyo mbalimbali huzaa jibu moja, na wanafunzi wawili wakilinganisha madaftari yao jioni, kila mmoja humthibitishia mwenziwe upotovu.

Chanzo chake, kwa maoni yangu, hakiko katika kaida mbili tu, bali kiko katika mfano wa kwanza anaofundishwa mtoto. Karibu kila mwalimu huanza na lenzi iliyobinuka pande zote kwa nusu vipenyo vilivyo sawa, tuseme 20 na 20. Mwanafunzi akikosea alama katika mlinganyo wa kutoa, hupata sifuri, lenzi isiyokusanya chochote, na papo hapo anatambua kuwa amekosea. Basi hujumlisha, na jibu la sentimita 20 hutoka sahihi. Somo linalobaki kichwani mwake ni kwamba dawa ya mlinganyo huu ni kujumlisha daima. Sharti hilo halimwangushi mpaka siku anapokutana na hilali, na siku hiyo hapana sifuri ya kumwonya.

Alama ya kutoa ina maana inayoweza kupimwa kwa rula. Lenzi hukusanya miale kwa sababu katikati yake ni nene kuliko ukingoni, na tofauti ya unene huo ndiyo inayoamua nguvu yake. Tuikate hilali yetu iwe na upana wa sentimita 4. Uso wa mbele, kuanzia usawa wa ukingo wake hadi kileleni, huinuka kwa milimita 2, na uso wa nyuma huchimbika kwa milimita 0.8. Uso wa mbele umeleta kioo, wa nyuma umekiondoa. Kinachosalia katikati kama ziada juu ya unene wa ukingo ni milimita 1.2. Anayejumlisha anadai kuwa kioo kilichochimbwa kingali mahali pake, nacho hakipo. Kwa kanuni hiyo, kabla ya kugusa kalamu, mtu aweza kujua kwamba jibu sharti lizidi fokasi ya uso wa mbele ukiwa na mgongo ulio bapa, yaani sentimita 20. Jibu la 14.3 huanguka kwa mizani hiyo peke yake.

Kadhalika, ukiigeuza hilali, nuru ikaanza kukutana na uso uliobonyea, R1 huwa hasi 25 na R2 huwa hasi 10, na hesabu hurudi kwenye 0.03 ile ile, kama inavyopasa, kwa kuwa lenzi nyembamba haibadili fokasi kwa kugeuzwa. Anayebadili nafasi za tarakimu akasahau kubadili alama hupata hasi 33.3, akadhani lenzi ya mzee imekuwa ya kutawanya miale.

Ithibati ya mwisho iko juani. Karagwe na Kyerwa ziko kusini ya ikweta kwa nyuzi zisizotimia mbili, na siku za mwisho wa Machi na za Septemba jua la adhuhuri huwa karibu utosini, hata lenzi ikilazwa sawa na ardhi huitupa taswira ya jua chini yake moja kwa moja. Mwalimu aishike miwani ya dayopta 3 juu ya karatasi, uso wake uliobinuka ukielekea jua na macho ya watoto yakiwa kwenye karatasi, kamwe yasiwe kwenye kioo. Kwa umbali wa sentimita 14 wataona duara la nuru lenye upana wa zaidi ya sentimita 2, lisilo na taswira yoyote. Akiiinua polepole hadi sentimita 33, duara hujikusanya likawa nukta ya milimita 3, ambayo ndiyo taswira ya jua, na hapo aiondoe upesi kabla karatasi haijashika moto.

Nawasihi walimu waianze mada hii na hilali, na lenzi ya pande sawa waiache ifuate. Na mwanafunzi, kabla ya tarakimu yoyote, aandike juu ya ukurasa jina la kaida anayoifuata, achore mshale wa nuru, na atie alama ya vitovu viwili.