Kwa Nini Vikapu 19 Vilikataliwa

Katika toleo lililopita tulitaja kwamba vikapu vya milulu vinavyosukwa na vikundi vya akina mama sasa vinauzwa pia katika duka la mtandaoni la marafiki zetu wa Ujerumani, na kwamba duka hilo huvitangaza kwenye ukurasa wa manunuzi wa Google. Wajumbe kadhaa wa kamati za sharika wametuuliza kwa nini kati ya vikapu 24 vya kwanza, 19 havikuonekana kabisa. Tunaeleza, maana makosa mengi yalikuwa ya ofisi yetu.

Katika utaratibu tunaoutumia, hakuna mtu anayeketi kutunga tangazo la kila kikapu. Sisi hujaza jedwali, kila kikapu mstari wake, na duka hulipakia katika akaunti yake ya Merchant Center. Google husoma jedwali, hufungua ukurasa wa duka na kulinganisha. Mstari mmoja uliokamilika unakuwa hivi (upande wa kushoto ni vichwa vya safu):

```
id: KP-014
title: Handgeflochtener Graskorb, rund, 30 cm
description: Korb aus Gras, von Hand geflochten...
link: https://example.org/kp-014
image_link: https://example.org/kp-014-a.jpg
availability: in_stock
price: 38.00 EUR
identifier_exists: no
```

Jina na maelezo ni ya Kijerumani kwa sababu ukurasa wa duka ni wa Kijerumani. Namba ya `id` hubaki ileile siku zote. Ukiibadilisha, Google huiona kuwa bidhaa mpya na kumbukumbu ya mauzo yake hupotea.

Vikapu 11 vilianguka kwa sababu ya picha. Tulikuwa tumeweka nembo ya dayosisi kwenye kona, na chini yake maneno ya kuomba watu wawasaidie akina mama. Tulidhani tunawavuta wahisani. Kanuni ya picha kuu hairuhusu maandishi ya kuvutia wateja, nembo iliyobandikwa juu ya bidhaa wala fremu. Picha ionyeshe bidhaa yenyewe tu. Habari za akina mama zinakaa vizuri kwenye `description` na kwenye ukurasa wa duka. Kosa jingine ni kwamba tulitumia picha moja ya vikapu vitatu vya ukubwa tofauti kwa mistari yote mitatu, na mnunuzi asingejua ananunua kipi.

Tulipiga upya nje, kivulini, shuka jeupe likiwa nyuma, kila kikapu peke yake na kikiwa kimejaa sehemu kubwa ya picha. Tunatunza upana na urefu wa pikseli 1500, na faili isizidi megabaiti 16. Hata hivyo siku mbili baadaye picha zilizokataliwa zilikuwa bado palepale. Tulikuwa tumeziweka mpya kwa jina lilelile la faili, na Google huchukua siku kadhaa kabla ya kurudi kuangalia anwani inayoifahamu. Tulipozipa majina mapya, `kp-014-b.jpg` na kuendelea, zilisomwa kama picha mpya.

Vikapu vitano vilikataliwa kwa bei. Duka lilikuwa limepandisha kutoka euro 35 hadi 38, jedwali letu likabaki na 35. Bei ya jedwali na ya ukurasa lazima zilingane, kodi ya Ujerumani ikiwa ndani yake. Tena iandikwe kwa nukta, 38.00, ingawa Wajerumani wenyewe huandika kwa mkato.

Vitatu vya mwisho vinatuaibisha kidogo. Kuna safu ya `gtin`, yaani namba ya msimbo mistari wa kiwandani. Tulipoona ni tupu tukajaza namba tulizobuni. Kikapu cha mkono hakina namba hiyo. Kilichotakiwa ni kuiacha wazi na kuandika `no` kwenye `identifier_exists`, kama inavyoonekana hapo juu. Bidhaa zenye msimbo halisi kwenye pakiti haziruhusiwi njia hii.

Limebaki tatizo ambalo jedwali peke yake haliwezi kulimaliza. Kila kikapu ni kimoja tu. Kikiuzwa Jumamosi na jedwali likaendelea kusema `in_stock`, tangazo litaonekana huku ukurasa ukisema kimekwisha, na bidhaa itaondolewa. Makosa hayo yakizidi, akaunti nzima ya duka inaweza kusimamishwa, pamoja na bidhaa za watu wengine. Kwa hiyo sasa tunapokea barua pepe ya mauzo kutoka dukani na kubadilisha mstari kuwa `out_of_stock` siku hiyohiyo.

Kamati zinazoleta vikapu vya awamu ijayo tunaziomba zifunge kwenye kila kikapu karatasi yenye namba, kipenyo kwa sentimita na jina la kikundi. Picha tutapiga hapa ofisini.