Muuguzi anaomba kazi ya takwimu, wasifu wake unaanza na nini?

Jioni, watoto wakishalala, wazazi wengi huketi na simu kutafuta tangazo la kazi lenye saa nafuu kuliko zamu za usiku. Wakilipata, hutuma wasifu wa kazi uleule uliotumika miaka mitatu iliyopita. Jina la mwajiri ni sahihi na miaka ni sahihi, ila mpangilio wa majukumu chini ya kazi ile bado unamtumikia mwajiri wa zamani.

Chukua mfano wa muuguzi aliyefanya kazi miaka minne katika zahanati moja. Ameona tangazo la ofisa takwimu msaidizi katika mradi wa afya ya mama na mtoto. Wasifu wake una mistari sita chini ya kazi hiyo, kwa mpangilio huu: kuhudumia wagonjwa wa nje, kuzalisha, kutoa chanjo, kutunza stoo ya dawa, kujaza rejista za MTUHA na kuandaa ripoti ya mwezi, kisha kuelekeza wauguzi wapya.

Mpangilio huo haukuja kwa bahati mbaya. Ameunakili kutoka kwenye barua yake ya ajira, ambako wagonjwa hutangulia, kama inavyopaswa kwa zahanati. Wengine hupanga kwa muda: nilianza mapokezi, nikahamia chanjo, nikaishia leba. Kwa vyovyote vile, anayesoma mafungu ya maombi hupitisha jicho kwenye mstari wa kwanza na wa pili, kisha huruka kazi inayofuata. Kwa muuguzi huyu, takwimu zimekaa mstari wa tano.

Dawa yake ni kurudi kwenye tangazo na kupiga mstari chini ya vitendo. Tuseme linataka mtu wa kukusanya takwimu vituoni, kuhakiki usahihi wake, kuwafundisha watumishi kujaza rejista na kuwasilisha ripoti kwa wakati. Sasa kila mstari wa wasifu uulizwe: unajibu kitendo kipi hapo?

Mstari wa tano unajibu viwili au vitatu, kwa hiyo unapanda juu na kugawanywa. Wa kwanza unakuwa: “Kuandaa ripoti ya mwezi ya zahanati kwa kujumlisha rejista za wajawazito, watoto na leba.” Wa pili: “Kulinganisha ripoti na rejista na kusahihisha tofauti kabla ya kuituma halmashauri.” Wa tatu ni ule wa kuelekeza wauguzi wapya, lakini useme waliwaelekeza nini: kujaza rejista. Chanjo inakuwa ya nne, kwa kuwa mtu aliyechoma sindano anajua namba za chanjo zinatoka wapi, na kama alikuwa akiwatafuta watoto waliokosa dozi kwa kutumia rejista, aseme hivyo. Wagonjwa wa nje na uzazi wanaunganishwa mstari mmoja wa mwisho. Stoo inaweza kuondoka kabisa.

Kinachohamishwa ni mistari ndani ya kazi moja tu. Kazi zenyewe zibaki kwa tarehe, ya karibuni ikianza. Ukizichanganya, msomaji anadhani unaficha pengo, hata kama pengo hilo ni likizo ya uzazi.

Kuna hatari ya kupitiliza. Kama ripoti aliiandaa mara mbili tu mwenzake alipokuwa likizo, kuiweka juu kutamuumbua kwenye usaili, pale atakapoulizwa alifanya nini rejista na ripoti zilipotofautiana. Kama waliipokezana, aandike “kwa kupokezana na muuguzi mwenzangu”. Pia, msomaji akikuta takwimu tupu chini ya cheo cha muuguzi, atashangaa. Mstari mfupi chini ya cheo, unaosema ilikuwa zahanati yenye wauguzi wangapi na huduma zipi, unaondoa utata huo kabla mistari haijaanza.

Mpangilio pia hauzibi sifa ya lazima. Tangazo likidai stashahada ya takwimu naye hana, mstari wa kwanza mzuri hautaileta.

Kupima ni rahisi: funika kwa kidole mistari yote isipokuwa wa kwanza, mpe mwenza wako simu, muulize hii ni ya kuomba kazi gani. Akijibu “uuguzi”, bado.

Wiki inayofuata muuguzi huyohuyo akiona tangazo la mtunza stoo ya dawa, mstari ulioondolewa unarudi na kukaa juu: kuhesabu dawa, kujaza leja, kutoa kwanza zinazokaribia kuisha muda. Ripoti ya mwezi inashuka. Ndiyo maana inafaa kuwa na nakala moja ndefu yenye mistari yote, isiyotumwa kwa mtu yeyote, ya kuchotea kila tangazo linapokuja.