Barua Ambayo Franklin Hakuituma

Tarehe 5 Julai 1775, mjini Filadelfia, Benjamin Franklin alimwandikia rafiki yake wa London barua fupi mno, isiyofika hata maneno mia. Alimwambia kwamba yeye ni mbunge, na ni mmoja wa wale walio wengi bungeni walioihukumu nchi ya Franklin iangamie. Alimwambia wameanza kuchoma miji na kuua watu. Akamtaka aitazame mikono yake, kwa kuwa ina damu ya ndugu zake mwenyewe. Tulikuwa marafiki siku nyingi, akamaliza, na sasa wewe ni adui yangu.

Rafiki huyo alikuwa William Strahan, Mskoti mwenye kiwanda cha kupiga chapa. Kamusi maarufu ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ilipigwa chapa kwake. Wawili hao walianza kuandikiana mwaka 1743, miaka kumi na minne kabla ya kuonana uso kwa uso. Strahan alikuwa na kijana wa kazi, David Hall, akamtafutia nafasi Marekani. Franklin akampokea, na baadaye akamfanya mbia wake. Strahan alitamani mwanawe amwoe Sally, binti wa Franklin, wazee wawe wakwe. Franklin alipokwenda London mwaka 1757, Strahan alimwandikia mkewe, Deborah, kumshawishi avuke bahari amfuate mumewe, huku akimtisha kwa mzaha kwamba wanawake wa London wana macho. Deborah aliiogopa bahari, na hakwenda kamwe.

Basi barua ile haikumhusu mtu wa mbali. Ukiisoma kando ya barua nyingine za Franklin kwa rafiki huyu, unaona mara moja kuna jambo si la kawaida. Barua zao zilijaa habari: vitabu vilivyoagizwa, hesabu za fedha, watoto, umbea wa siasa. Franklin alizoea kumwita kwa jina la utani. Hapa anamwita Bwana Strahan, kama anavyoitwa mdaiwa. Hakuna habari hata moja ambayo Strahan hakuwa nayo, hakuna swali, hakuna la kujibiwa. Hata heshima ya kufungia barua aliigeuza: desturi ilikuwa mwandishi ajiite wako mtiifu, na Franklin akaliunganisha neno hilo na neno adui, ikawa yeye ni adui wake Strahan. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa akapima kila tamko. Hasira ilikuwepo, lakini kalamu ilikuwa imetulia.

Hasira yenyewe ilikuwa na sababu. Franklin alikuwa ametua Filadelfia mwanzoni mwa Mei, baada ya kuishi London miaka mingi akiwatetea watu wa makoloni, na akakuta vita vimeshaanza Aprili huko Lexington na Concord. Tarehe 17 Juni majeshi ya Uingereza yalipigana na wapiganaji wa makoloni kwenye vilima vya karibu na Boston, na mji wa Charlestown ukateketea. Strahan, aliyeingia bungeni mwaka 1774, alikuwa upande wa serikali ya Lord North.

Barua haikuondoka. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa Franklin ilibaki kwenye nyaraka zake, na leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Lakini ushahidi unaonivutia zaidi uko upande wa pili. Siku mbili baadaye, tarehe 7 Julai, Franklin alimwandikia Strahan barua nyingine. Hiyo ilitumwa, na haijapatikana hadi leo. Tunajua ilikuwepo kwa sababu Strahan aliijibu tarehe 6 Septemba, kwa lugha ya urafiki, kama mtu ambaye hakuna aliyemwambia kwamba mikono yake ina damu. Tarehe 3 Oktoba Franklin akamwandikia tena, na katika barua hiyo anakiri kupokea kwake barua nne tangu arejee. Wanaume wawili walikuwa wakibishana juu ya vita, bila kukata mawasiliano.

Je, ile hasira ilikwenda wapi? Haikufutwa. Tarehe hiyohiyo 7 Julai Franklin alimwandikia Joseph Priestley, mwanasayansi, na Askofu Jonathan Shipley, wote Waingereza waliowaonea huruma watu wa makoloni. Humo yamo mambo yaleyale, uchomaji wa miji na ukatili wa vita, tena kwa kirefu. Maneno makali aliyapeleka kwa watu ambao wangeyasikia na kuyatumia. Kwa Strahan yangefunga mlango tu, na mlango ule ulikuwa na kazi: mbunge wa upande wa serikali, anayekuandikia kwa hiari yake, si mtu wa kutupwa wakati wa vita.

Kuna maelezo mengine, na mimi nayaona yana uzito. Franklin alikuwa na umri wa miaka 69, ametoka kuishi Uingereza, na mwanawe William alikuwa gavana wa New Jersey kwa niaba ya mfalme. Filadelfia ilikuwa na minong'ono kwamba mzee huyu pengine ni jasusi, na ukimya wake kwenye vikao vya Kongresi uliikoleza. Barua kali kwa mbunge wa Uingereza, ikionekana na macho yanayofaa mjini, ingejibu minong'ono hiyo bila kuvuka bahari. Ndiyo maana haina habari wala swali: huenda msomaji wake hakuwa Strahan tangu mwanzo. Baadaye ilipigwa chapa, ikawa miongoni mwa barua zake zinazojulikana zaidi. Siku aliyoiandika, Kongresi ilipitisha ombi la mwisho la amani kwa Mfalme George wa Tatu, na Franklin mwenyewe alilitia saini. Mtu mmoja, wiki moja, anaandika ya vita na anasaini ya amani.

Tukumbuke pia alikuwa mtu wa posta. Kwa miaka ishirini na zaidi alikuwa mmoja wa wakuu wa posta ya mfalme huko Marekani, hadi alipofukuzwa Januari 1774 kwa sababu ya barua za siri za Gavana Hutchinson wa Massachusetts, ambazo yeye alizipeleka Boston na huko zikachapishwa. Aliyeona barua za faragha zikiwasha moto hivyo hakuhitaji kufundishwa kwamba ukishaitoa karatasi mkononi huamui tena nani ataisoma.

Wala tusidhani alikuwa mtu wa kumeza maneno tu. Mwaka 1784, vita vimekwisha naye yuko Ufaransa, William alimwandikia akiomba wapatane. Alikuwa amebaki upande wa mfalme muda wote. Franklin alimjibu tarehe 16 Agosti kwamba hakuna kilichowahi kumuumiza kama kuachwa na mwanawe wa pekee wakati wa shida, na barua hiyo aliituma. Siku tatu baadaye alimwandikia Strahan, kwa mizaha ya zamani, akimkumbusha siku walipoketi pamoja bungeni London na Strahan akasema hajui vibarua wengine wawili wa kupiga chapa waliofika mbali kama wao. Mwana alipewa barua ya aina ile ambayo, miaka tisa nyuma, rafiki aliepushwa nayo.