Sevu ya Tenisi Huanzia Miguuni

Mchezaji wa Homa Bay au Migori ambaye kila mpira ukienda kwa kasi huusifu mkono wake hana budi kufahamu kwamba mkono huo ni mpokeaji tu wa nguvu iliyozaliwa chini, pale nyayo zilipoikandamiza ardhi na magoti yaliyokunjwa yakanyooka. Kwa hesabu ya tabibu Mmarekani Ben Kibler, zaidi kidogo ya nusu ya nguvu iufikiayo mkono hutoka miguuni na kiwiliwilini.

Kiuno hutangulia kugeuka ilhali mabega yamesalia nyuma; kiuno kikipunguza mwendo, mabega hurithi kasi yake, nayo yakipungua, mkono hurithi zamu yake, hata kichwa cha raketi kilichokuwa kimeanguka mgongoni kikainuka, kiwiko kikakunjuka, mkono wa juu ukajizungusha kwa ndani kutoka begani, na kifundo kikakunjika. Ukitaka kuitambua taksiri, tazama goti: likiwa limekwisha kunyooka kabla raketi haijaanguka mgongoni, nguvu ya miguu imepotea bure. Kibler alikadiria kwamba nguvu ya kiuno na kiwiliwili ikipungua kwa asilimia 20, bega hulazimika kuzunguka kwa kasi iliyozidi kwa thuluthi moja hivi ili mkono usipungukiwe. Na bega, maskini, ndilo liumialo.

Lakini kasi peke yake haitoshi. Mpira uliopigwa kutoka kimo cha mita 2.7, ukienda mstari mnyoofu hadi mwisho wa kisanduku cha sevu, umbali wa mita 18.3 hivi, hupita juu ya katikati ya wavu, penye kimo cha sentimita 91, kwa sentimita tatu tu, yaani kwa kuukwaruza. Basi uzito wa mpira wenyewe huuteremsha, na mzunguko wa kwenda mbele huzidisha kuuteremsha, kwa kuwa hewa huusukuma chini. Mzunguko huo hupatikana raketi ikiusugua mpira kutoka chini kwenda juu, na upandaji huo, kinyume cha wadhanivyo wengi, hutokana na magoti na kiwiliwili kilichoinama, wala si ujanja wa kifundo.

Hapo mahali huingia katika hesabu. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo hewa hiyo huupunguzia mpira kizuizi, na pia haiupindi sana kama ile ya pwani. Sevu iliyotua ndani ya kisanduku huko Mombasa yaweza kutoka nje hapa Homa Bay, na zaidi Migori iliyoinuka kuliko ufuoni. Anayepatwa na hayo, kabla hajabadili mshiko wa raketi, na akague magoti yake kwanza.