Mvi za panjani: krimu, jeli au povu?

Mvi za panjani hushika rangi kwa shida, na hapo ndipo ninapochagua krimu. Ni nzito, kwa hiyo hukaa pale ilipopakwa. Gawa nywele kwa mkia wa kitana, paka kwa brashi fungu jembamba baada ya jingine, ukianzia mizizini. Kazi ni ndefu, na kisogoni utahitaji mtu wa kukusaidia. Jeli huenea upesi, lakini huchuruzika hadi shingoni. Tangulia kupaka mafuta ya mgando kwenye paji na masikio. Povu hupakwa kama shampuu, kwa mikono yenye glavu, na halidondoki sana. Ila nywele zikiwa nene, huishia juujuu, na mvi za mizizini hubaki zikionekana.